"Agiza Kabla ya Saa 8:00, Upokee Kesho": Uhakiki wa Lugha ya Mwisho wa Kuagiza Zawadi kwa Wateja Walio Ughaibuni

Ikisiri

Makala hii inahakiki maneno yanayotumiwa katika matangazo ya maduka ya zawadi kuwaeleza wateja walio ughaibuni mwisho wa kuagiza kitu kitakachofikishwa nyumbani. Inadaiwa kwamba kasoro kubwa ya matangazo hayo si kukosa hesabu ya tofauti ya saa baina ya nchi na nchi. Kasoro ni kwamba yameandikwa kana kwamba mwagizaji, duka na mpokeaji wako mahali pamoja. Inaonyeshwa pia kwamba majina ya vipindi vya siku katika Kiswahili, isipokuwa usiku, yana uwezo wa kuondoa utata unaozaliwa na namna mbili za kuhesabu saa, na sababu ya uwezo huo inaelezwa. Tangazo moja la mfano linafuatwa tangu linapotumwa hadi linapomkosesha mteja, kisha linaandikwa upya.

1. Tangazo na msomaji wake

Tangazo linalohakikiwa hapa ni fupi: "Siku ya Mama imewadia! Agiza keki kabla ya saa 8:00, upokee kesho. Tunapokea oda kutoka popote duniani." Halikunukuliwa katika duka lolote. Limeundwa kwa maneno ya kawaida ya mabango ya aina yake, yale yanayotengenezwa kama picha na kusambazwa kwa simu, ili yahakikiwe bila kumnyooshea kidole mfanyabiashara yeyote.

Tuseme duka liko Dar es Salaam na bango limetumwa Jumamosi, tarehe 10 Mei 2025, saa 1:00 asubuhi. Siku ya Mama nchini Tanzania ni Jumapili ya pili ya Mei, yaani kesho yake. Mwenye duka ana sababu ya kuchagua saa nane mchana. Keki ikitoka jikoni haipambwi papo hapo, kwani isipopoa kabisa krimu huyeyuka na kuteleza. Baada ya kupoa huja kazi ya kupamba na kuandika jina, na kwa kuwa Jumapili asubuhi ni ya kuzifikisha keki majumbani, oda inayoingia baada ya saa nane mchana ya Jumamosi haina mtu wa kuishughulikia. Ukomo huo, basi, ni ukweli wa jikoni, na hauwezi kusogezwa kwa kumwonea mteja huruma.

Bango linafika kwenye simu ya muuguzi anayeishi Minneapolis, Marekani. Mwezi Mei, saa ya Minneapolis iko nyuma ya ile ya Dar es Salaam kwa saa nane. Kwake ni saa tano usiku, na siku bado ni Ijumaa. Anasoma "upokee kesho". Kesho yake ni Jumamosi, ilhali yeye anataka keki imfikie mama yake Jumapili. Anajiambia kwamba akiagiza sasa keki itafika siku moja kabla, hivyo ataagiza kesho, kabla ya saa 8:00 kama alivyoambiwa. Jumamosi asubuhi anaamka, simu inaonyesha 7:30, anaagiza na kulipa, akiamini kwamba ameiwahi saa kwa nusu saa nzima. Dar es Salaam wakati huo ni saa tisa na nusu alasiri. Amechelewa kwa saa moja na nusu, na keki ya Siku ya Mama itafika Jumatatu.

Katika mlolongo huo hakuna mahali ambapo muuguzi alisoma vibaya. Kila tafsiri aliyoifanya inaruhusiwa na maneno aliyopewa. Kwa hiyo swali la uhakiki si kwa nini mteja hakujua hesabu ya saa. Swali ni jambo gani katika sentensi lilimruhusu kuwa na hakika asiyostahili kuwa nayo.

2. Usomaji minne wa "saa 8:00"

Mwandishi wa bango alikusudia saa nane mchana, kwa hesabu ya Kiswahili inayoanza kuhesabu mchana baada ya jua kuchomoza na usiku baada ya jua kuchwa. Muuguzi alisoma tarakimu jinsi zinavyoonekana kwenye kioo cha simu. Tarakimu 8:00 bila neno jingine zinabeba nyakati nne katika siku moja: saa nane mchana, saa nane usiku, saa mbili asubuhi (ambayo simu huiandika 8:00) na saa mbili usiku (ambayo simu ya saa kumi na mbili huiandika vivyo hivyo). Kila mojawapo inaweza kuwa ya Dar es Salaam au ya mahali alipo msomaji, hivyo idadi ya nyakati zinazowezekana inafika nane kabla hata suala la tarehe halijagusa mlango.

Msemaji wa Kiswahili aliye nyumbani haoni utata huu, kwa kuwa muktadha humwondolea. Hakuna duka linalofunga oda saa nane usiku, na anayeandika kwa Kiswahili huaminiwa kuhesabu kwa Kiswahili. Aliye ughaibuni amepoteza misaada yote miwili. Saa anayoishi nayo kazini ni ile ya kwenye simu, na anajua pia kwamba maduka ya mtandaoni huandika tarakimu kwa hesabu ya mitambo hata pale lugha inapokuwa Kiswahili. Hana sababu ya kuchagua usomaji mmoja badala ya mwingine, ila ule ulio karibu na macho yake.

Kuna mahali pamoja ambapo kosa hili hujisahihisha lenyewe. Halifax, nchini Kanada, majira ya kiangazi huwa nyuma ya Dar es Salaam kwa saa sita kamili, na saa sita ndiyo tofauti ya hesabu ya Kiswahili na hesabu ya simu. Mkaazi wa Halifax akiisoma 8:00 kuwa saa ya asubuhi ya kwake, atakuwa ameipata saa nane mchana ya Dar es Salaam pasipo kujua. Duka haliwezi kuwaomba wateja wake wote wahamie huko.

3. Kipindi cha siku na kanuni ya saa sita

Dawa ya kwanza iko ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili hakina desturi ya kuigawa siku nusu mbili na kuzitaja kwa herufi. Kina majina ya vipindi: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kwa kawaida majina haya huchukuliwa kuwa yanatofautisha saa nane ya mchana na saa nane ya usiku tu. Yanafanya kazi kubwa zaidi, na inafaa ifafanuliwe.

Chukua mchana. Kwa hesabu ya Kiswahili, saa za mchana ni ya sita, ya saba, ya nane na ya tisa. Nyakati hizo hizo kwa hesabu ya simu ni 12, 1, 2 na 3. Hakuna tarakimu hata moja iliyo katika orodha zote mbili. Anayeandika "saa 8:00 mchana" hawezi kueleweka kwa hesabu ya simu, kwani 8:00 ya simu haiwi mchana kamwe. Kadhalika, anayeandika "saa 2:00 mchana" anajifichua mara moja kuwa amehesabu kwa simu. Jioni nayo ni hivyo: Kiswahili kina kumi, kumi na moja na kumi na mbili, na simu ina 4, 5 na 6. Asubuhi huanzia kumi na mbili, kisha moja hadi tano, na simu ina 6 hadi 11. Kila kipindi kinaitambulisha hesabu iliyotumika.

Sababu ni nyepesi. Hesabu mbili zinapishana kwa saa sita. Tarakimu moja ikisomwa kwa hesabu zote mbili huzaa nyakati mbili zilizoachana kwa saa sita. Kipindi kisichozidi saa sita hakiwezi kuzikumba nyakati zote mbili kwa pamoja. Kikiipata moja, nyingine huwa nje. Mipaka ya vipindi hutofautiana kidogo kutoka kwa msemaji mmoja hadi mwingine, lakini tofauti hizo hazidhuru maadamu urefu hauzidi saa sita.

Usiku unazidi. Kuanzia saa moja hadi karibu saa kumi ni saa tisa, na matokeo yake yanaonekana. "Saa 2:00 usiku" ni saa mbili ya Kiswahili, baada ya chakula, au ni 2:00 ya simu, watu wakiwa wamelala. Sentensi zote mbili ni sahihi. Hali ni hiyo hiyo kwa tarakimu 1, 3, 7, 8 na 9. Zilizosalia ziko salama: saa 4:00, 5:00 na 6:00 usiku ni za Kiswahili pekee, na 10:00, 11:00 na 12:00 usiku ni za simu pekee. Duka linalotaka kufunga oda usiku, basi, lina tarakimu sita za kuziepuka.

Uwezo huu una mpaka mwingine ambao ni wa kijamii. Unategemea msomaji anayelichukua neno "asubuhi" kwa maana yake ya Kiswahili. Vijana waliokulia katika Kiingereza wamezoea neno la lugha hiyo ambalo huanzia usiku wa manane, na baadhi yao huihamishia maana hiyo kwenye "asubuhi". Kwa msomaji wa namna hiyo, "saa 4:00 asubuhi" inaweza kuwa saa kumi alfajiri, kwa kuwa kipindi chake kimerefuka hadi saa kumi na mbili na kanuni imevunjika. Mchana na jioni hazijaguswa na mkengeuko huo. Ukomo ulio katika vipindi hivyo viwili ndio ulio salama zaidi kuandikwa kwa Kiswahili.

Wapo wanaopendekeza saa ya tarakimu ishirini na nne iwe suluhisho. Inasaidia kwa nusu ya siku tu. 14:00 haina usomaji wa Kiswahili, kwani hakuna saa ya kumi na nne. Lakini 10:00 inabaki na utata wake wote: ni saa nne asubuhi kwa mtambo, na ni saa kumi kwa anayeitamka kama ilivyoandikwa. Tarakimu hizo zinafaa kuandamana na jina la kipindi, si kulirithi.

4. "Saa za Afrika Mashariki"

Maduka yaliyokwisha kupata hasara huongeza kirai "saa za Afrika Mashariki". Kirai hiki kimetoka katika utangazaji wa redio za kimataifa za Kiswahili, ambako mtangazaji hutaja saa ya kipindi na kuifuatisha na maneno hayo. Redioni kinatosha, kwa sababu mtangazaji hutamka "saa mbili na nusu usiku" kwa maneno kamili na wasikilizaji wake wengi wako ndani ya eneo linalotajwa. Kikihamishiwa kwenye bango kinapata matatizo mawili.

La kwanza ni kwamba kinaweza kueleweka kuwa kinataja namna ya kuhesabu na si mahali. Wasemaji wengi hutofautisha "saa za Kiswahili" na "saa za Kizungu", na umbo la "saa za Afrika Mashariki" linafanana mno na hayo. Msomaji anaweza kufahamu kuwa ameambiwa ahesabu kwa Kiswahili, akahesabu kwa Kiswahili, lakini kwa saa ya Minneapolis. Saa nane mchana ya Minneapolis ni saa nne usiku Dar es Salaam.

La pili ni la kijiografia. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia saa moja. Rwanda, Burundi na miji ya mashariki ya Kongo kama Goma, Bukavu na Lubumbashi iko nyuma yake kwa saa moja. Nchi hizo zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mrundi aliye Ulaya, anayetaka kupeleka zawadi Dar es Salaam kwa ndugu yake, ana haki ya kudhani kwamba saa za Afrika Mashariki ni za Bujumbura pia, na dhana hiyo itamchelewesha kwa saa nzima. Jina la mji halina matatizo hayo. Inafaa kukumbuka kwamba hata orodha ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta hutambulisha kanda kwa miji, kama vile `Africa/Nairobi`, wala si kwa majina ya maeneo mapana. "Saa 8:00 mchana ya Dar es Salaam" ni maneno yanayosema mengi zaidi kuliko kirai cha redio.

Kuna faida nyingine katika kulifunga jina la kipindi na mji. Majina ya vipindi yamejengwa juu ya jua la karibu na ikweta, ambalo huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima. London haina jua la namna hiyo. Mwezi Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na mwezi Juni saa tatu usiku ni mwanga. Mtu aliyeishi huko miaka mingi anaanza kusitasita juu ya neno "jioni". Akitajiwa jioni ya Dar es Salaam, anajua ni jua la wapi linalozungumziwa.

5. Kesho ya nani

Charles Fillmore, katika mihadhara yake ya mwaka 1971 kuhusu maneno ya uashiriaji, alitenganisha wakati wa kuutunga ujumbe na wakati wa kuupokea. Katika mazungumzo ya ana kwa ana nyakati hizo huwa moja. Katika barua huachana, na mwandishi wa barua hulijua hilo, ndiyo maana huandika tarehe juu ya karatasi. Bango la simu ni barua iliyosahau tarehe yake. Neno "kesho" ndani yake limefungwa kwenye siku ambayo bango halikuitaja, na kila anayelipokea hulifunga upya kwenye siku yake mwenyewe. Likisambazwa tena siku ya pili kwa nia njema, linatoa ahadi mpya ambayo duka halikuitoa.

Kwa mteja aliye magharibi, tofauti ya saa hufanya kesho kuteleza hata siku ya kutuma ikiwa ni ile ile. Muuguzi wetu akiandika saa tatu usiku ya Jumamosi kwamba anataka zawadi ifike "kesho", Dar es Salaam imekwisha kuwa Jumapili, saa kumi na moja alfajiri. Kesho yake ni leo ya duka. Muuzaji anayejibu "sawa, kesho" amekubali Jumatatu, na wote wawili wameagana wakiwa na furaha.

Jina la siku ya juma ni afadhali kuliko kesho, ila ukomo ukiwekwa usiku linapata utata wa kwake. Kwa desturi ya pwani, inayofuata hesabu ya Kiislamu, siku huanza jua linapokuchwa, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Katika matumizi ya ofisini na magazetini, Ijumaa usiku ni ule unaoufuata. Kiswahili kina kirai kisicho na mfano kwa kuumaliza ubishi huu, nacho ni "usiku wa kuamkia". Ni ajabu kwamba kirai kinachotumika kila siku katika habari za ajali na misiba hakionekani katika matangazo ya biashara, ambako kingeokoa fedha.

Sikukuu yenyewe nayo haiaminiki kuwa alama ya wakati. Nchini Uingereza, sikukuu ya akina mama hufuata Kwaresima na huangukia mwezi Machi au mwanzoni mwa Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 30 Machi, wiki sita kabla ya ile ya Tanzania na Marekani. Mteja wa London anayesoma "Siku ya Mama imewadia" mwezi Mei anaweza kudhani ni bango la zamani. Idi ni ngumu zaidi, kwa kuwa haijulikani mapema kama mwezi utakuwa wa siku 29 au 30, na "mwisho wa oda ni siku moja kabla ya Idi" ni ukomo unaojulikana baada ya kupita. Anayeandika "tarehe 28 Ramadhani, kwa hesabu ya Dar es Salaam" yuko salama, kwani tarehe hiyo haikosi kuja kabla ya Idi. Maneno ya mwisho si ya pambo: Ramadhani ya Maskati inaweza kuanza siku tofauti na ya Dar es Salaam.

6. Anayepokea si anayeagiza

Kitenzi "upokee" kimenakiliwa kutoka kwenye matangazo ya wateja wa mjini, ambao huagiza na kupokea wenyewe. Mwagizaji wa zawadi hapokei kitu. Sentensi inayomwambia "upokee kesho" inamweka yeye mahali pa mama yake, na kwa kufanya hivyo inaialika kesho yake iingie katika hesabu. Sarufi ya Kiswahili ina njia ya mkato ya kumtaja mtu wa tatu, yaani kiambishi cha mtendwa. "Imfikie" ni neno moja. Ndani yake kuna keki, kuna mama na kuna mahali pa mama. Siku inayotajwa baada ya kitenzi hicho huelekea kusomwa kuwa ni siku ya huko anakofikishiwa. Huo ni mwelekeo tu, si hakika, na haufuti haja ya tarehe.

Upande wa mwagizaji pia una kitenzi kilicholegea. "Agiza" haisemi kama kitendo kinachohesabiwa ni kutuma ujumbe, kujaza fomu au kulipa. Malipo kutoka nje huenda yakachukua muda kuthibitishwa, na duka halianzi kuoka kabla ya kuyaona. Ikiwa kinachohesabiwa ni malipo, neno "kulipiwa" halina budi kuwamo.

Njia inayokwepa sehemu kubwa ya utata huu ni kuhesabu muda uliobaki badala ya kutaja saa: "zimebaki saa tatu". Kwenye ukurasa unaojihesabia wenyewe njia hii inafaa sana. Kwenye picha haifai kabisa, kwani picha haihesabu. Hata inapofaa, hukutana na udhaifu wa neno lenyewe, kwani "saa tatu" ni muda na ni wakati pia. "Oda zinafungwa saa tatu" na "oda zinafungwa baada ya saa tatu" zinatofautiana kwa maneno mawili tu. Wasemaji wengi hukwepa mgongano huu kwa kusema "masaa matatu" wanapokusudia muda. Wahariri hulifuta umbo hilo kila wanapolikuta, na kwa mujibu wa ngeli za Kiswahili sanifu hawajakosea. Hata hivyo, wanafuta tofauti ya maana ambayo wasemaji waliijenga kwa sababu waliihitaji. Mpaka usanifu utakapotoa badala yake, "muda wa saa tatu" ndiyo njia iliyobaki.

7. Tangazo lililoandikwa upya

Kwa kuzingatia hayo, bango lingeweza kusomeka hivi: "Keki imfikie mama Dar es Salaam Jumapili, tarehe 11 Mei 2025. Oda iwe imelipiwa kabla ya saa 8:00 mchana (14:00) ya Dar es Salaam, Jumamosi, tarehe 10 Mei. Wakati huo ni saa 9:00 mchana (15:00) Maskati, saa 6:00 mchana (12:00) London na saa 12:00 asubuhi (06:00) Minneapolis, siku hiyo hiyo ya Jumamosi. Oda itakayolipiwa baadaye itafikishwa Jumatatu, tarehe 12 Mei."

Siku ya kufika imetangulia kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo anayoitafuta mteja. Saa ya mwisho ina maana kwake kwa sababu ya siku hiyo. Sentensi ya mwisho ndiyo ambayo maduka huipinga, kwa hoja kwamba inamkumbusha mteja uwezekano wa kushindwa. Lakini ndiyo inayomwezesha aliyechelewa kuamua kama bado anaitaka keki, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kinacholemaza bango hili ni sentensi ya miji. Maskati haibadilishi saa, wala Dar es Salaam. Uingereza na Marekani hubadilisha, na hazibadilishi siku moja: mwaka 2025 Marekani ilisogeza saa mbele tarehe 9 Machi na Uingereza tarehe 30 Machi, kisha zikarudisha nyuma tarehe 2 Novemba na 26 Oktoba. Duka linaloihifadhi sentensi ya Mei na kuitumia tena kwa Krismasi litakuwa limewapa wateja wa miji miwili saa moja ambayo haipo. Kwa ukomo ule ule wa saa nane mchana, London mwezi Desemba ni saa 5:00 asubuhi (11:00), na Minneapolis ni saa 11:00 alfajiri (05:00). Anayekumbuka kubadili tarakimu peke yake ataandika "saa 11:00 asubuhi" kwa Minneapolis, na mteja wa huko ataisoma 11:00 ya simu yake, wakati Dar es Salaam ni saa mbili usiku.